Alama za Maziwa ya Mkwe

Mwoga hutafutwa vitani bure. Mkalishe mezani, mpe taipureta na karatasi yenye nembo ya hospitali, kisha umwambie amwandikie baba mkwe wake kwamba maziwa yake yana maji. Hapo utamwona mwoga mzima mzima, na tai yake shingoni.

Huyu wetu aliitwa Abner Ondieki. Alikuwa meneja wa ununuzi katika hospitali ya misheni iliyokuwa juu kidogo ya Keumbu, na mwaka wenyewe ulikuwa 1974. Kila kilichoingia pale kwa kununuliwa, kuanzia sindano hadi sabuni ya kufulia mashuka, kilipita mkononi mwake. Watu walimheshimu, na haki yake tumpe: hakuwa mla rushwa. Wenye maduka wa Kisii mjini walijaribu kumpelekea vitambaa vya suti, akavirudisha. Kwa hilo alijivuna kidogo, na mtu anayejivunia usafi wake huwa hatazami nyuma ya masikio.

Mwaka huo hospitali ilitangaza zabuni ya kuleta maziwa ya wodi ya watoto na ya akina mama waliojifungua. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wameweka utaratibu mpya. Zabuni iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya kamati, kila mmoja apewe alama: bei arobaini, ubora na usafi thelathini, uwezo wa kufikisha maziwa kila siku ishirini, uzoefu kumi. Kwenye ubora, atakayepata chini ya ishirini basi, hata akileta maziwa ya bure. Na mwishoni kila aliyeshindwa aandikiwe barua ya kumweleza alama zake mwenyewe na mahali alipopungukiwa, ili mwaka ujao ajirekebishe.

Walioomba walikuwa watatu. Wa kwanza chama cha wafugaji cha huko Nyamira, wa pili Subhash, mwenye duka la vyakula Kisii mjini. Wa tatu ndiye aliyeleta kasheshe: Mzee Onsongo wa Ikonge, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wa gredi wanaong'aa ngozi. Huyu alikuwa baba yake Bochaberi, na Bochaberi alikuwa mke wa Abner.

Abner alifanya inavyopasa. Alisema mbele ya kamati, "Huyu ni mkwe wangu, mimi nisihesabiwe kwenye hili." Siku ya kutoa alama akatoka, akakaa stoo na maboksi ya pamba. Kamati ikaongozwa na Metroni Drusilla, mama mmoja mfupi, mnene, asiyecheka na mtu kazini. Kwa wiki nzima ya majaribio alikuwa amesimama getini mwenyewe asubuhi, akichota maziwa ya kila mwombaji, akiandika herufi kwenye chupa badala ya jina ili wapimaji wasijue ya nani ni yapi.

Maziwa yakamwagwa kwenye mtungi mwembamba, kikatumbukizwa kile kipimo cha kioo kinachoelea. Maziwa halisi hukibeba. Yakitiwa maji huwa mepesi, na kipimo huzama. Ya chama yalikibeba. Ya Subhash yalikibeba. Ya Mzee Onsongo, asubuhi zote, kipimo kilizama kama kijiko kwenye uji mwepesi. Na maji yenyewe hayakuwa ya kisimani, maana chini ya chupa palibaki tope laini.

"Alama saba kati ya thelathini," Metroni alimwambia Abner, akiweka karatasi mezani. "Bei yake ilikuwa nzuri kabisa, thelathini na nane. Lakini wodi ile ina watoto wa kuhara. Haiwezekani."

Abner alihisi masikio yakimwaka. Mzee Onsongo! Mzee aliyekuwa akiwakemea wauzaji wa sokoni kwa kupunja kibaba!

Metroni akamwangalia, akalainisha sauti. "Bwana Abner, hii ya mkwe wako niachie niandike mimi. Nitatia sahihi kwa niaba ya kamati. Hakuna atakayekulaumu."

"Hapana, Metroni. Barua ni kazi yangu. Nitaziandika zote."

Kwa nini alikataa? Yeye mwenyewe alijiambia ni uwajibikaji. Uongo mtupu. Hakutaka karatasi yenye neno "maji" iingie nyumbani kwa kina mkewe ikiwa na sahihi ya mwanamke wa Keumbu ambaye angeweza kuisimulia sokoni. Alitaka neno hilo libaki mikononi mwake, alivalishe nguo kwanza.

Barua ya Subhash ilimtoka kama maji ya bomba. Alimshukuru kwa kuomba, akasema tunasikitika hukufaulu safari hii, kisha akamwekea alama zake: bei ishirini na tano, ubora na usafi ishirini na saba, kufikisha kumi na nane, uzoefu nane. Akamwambia kilichomwangusha ni bei. Akataja chama kilichofaulu na jumla ya alama zake, maana hilo si siri, kesho watu wangeona makopo yake getini. Lakini hakutaja bei ya chama, wala ng'ombe wake wangapi, wala nini kilionekana kwenye chupa za wengine. Akamalizia: "Maelezo ya washindani wengine ni siri yao, kama yako yalivyo siri yako. Ukitaka kufafanuliwa alama zako mwenyewe, karibu ofisini." Barua safi. Angeweza kuisoma kanisani.

Kisha akaingiza karatasi nyingine, akaandika jina la mkwe.

Aliiandika kwanza ilivyopaswa. Alama saba akaziweka, na chini yake, "Maziwa yalionekana kuongezwa maji." Akaichomoa, akaisoma, jasho likamtoka kwapani. Jamani, kwa Wagusii mambo haya yana mipaka. Kuna chinsoni, ile heshima ya aibu kati ya mtu na wakwe zake: humtazami mkweo machoni, hutaji uchafu mbele yake, hata choo ukikitafuta kwake unazunguka migomba kama mwizi. Leo umwambie kwa taipureta kwamba yeye ni mtia maji? Abner aliiweka ile barua kwenye faili. Akaandika nyingine ya kupelekwa.

Hiyo ya pili ilikuwa fupi. Ilimshukuru mzee kwa heshima nyingi, ikasikitika, ikasema, "Bei yako haikuweza kushindana." Alama hazikuwemo. Akaitia sahihi upesi, akailamba bahasha, akajiambia, funika kombe mwanaharamu apite.

Mzee Onsongo alikuja ofisini mwenyewe baada ya wiki kadhaa, amevaa koti lake la kanisani, kofia mkononi. Abner aliruka kutoka kitini. Walisalimiana kama wakwe wanavyosalimiana, huyu akitazama dirisha, yule akitazama kalenda ukutani.

"Mwanangu, barua nimeipata. Nimesomewa vizuri," mzee alisema. "Inasema bei."

"Ndiyo, Baba."

"Sikuja kulalamika. Aliyeshinda ameshinda. Nataka tu kujua nilizidi kwa kiasi gani, ili mwakani nijipange. Mhindi Subhash nimekutana naye Kisii, ananiambia yeye alipewa alama zake, mstari kwa mstari. Mimi zangu sikuziona."

Faili lilikuwa kwenye kabati, mgongoni pa Abner kabisa. Ilikuwa kunyoosha mkono tu.

"Baba, mambo ya zabuni yana siri. Bei za wengine siruhusiwi kuzitoa."

"Za wengine sikuuliza."

"Hata za kwako, Baba, ukizijua unaweza kupiga hesabu ukazijua za wenzako. Ndiyo maana... kamati inafunga."

Uongo huo aliutunga papo hapo, na aliutunga kwa kutumia sheria nzuri iliyowekwa kwa sababu nzuri. Siri ile iliwekwa kumlinda mfanyabiashara dhidi ya mwenzake. Haikuwekwa kumlinda Abner dhidi ya mkwewe. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote katika wilaya nzima ya Kisii, na bado akalisema.

Mzee alitikisa kichwa polepole, na uso wake, badala ya kununa, ukafunguka. "Basi siri ni siri. Mwanangu, nimefurahi. Wengine wakipata vyeo wanauza mambo ya kazi kwa jamaa zao. Binti yangu ameolewa na mtu mwaminifu."

Akavaa kofia, akaenda. Abner alikaa chini, akaisukuma chai ya ofisini kando.

Angekuwa na bahati, jambo lingeishia hapo. Lakini neno ulilomwambia mtu anayekuamini halikai kimya, linaenda kufanya kazi. Muhula uliofuata, jioni moja, Bochaberi alirudi kutoka kwao Ikonge na kikapu cha ndizi, uso umekunjamana.

"Baba Kemunto," alimwambia mumewe, "Baba amemtoa Mong'ina shule."

Mong'ina alikuwa kitinda mimba wa Mzee Onsongo. Alikuwa Fomu Tu katika sekondari ya bweni ya wasichana, na nyumba ile ilikuwa haijawahi kuwa na mtoto mwenye kichwa kama kile. Mahesabu aliyafanya huku akimenya ndizi.

"Amemtoa kwa nini?" Abner aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Bei. Amesema hospitali imemwambia bei yake ni ya juu, basi lazima apunguze gharama. Amemwachisha kazi Nyangate, yule mkamuaji. Mong'ina atakamua alfajiri na jioni, na karo yake itanunua chakula cha ng'ombe. Amesema akishinda tenda mwakani, anamrudisha." Bochaberi alitua kikapu. "Mimi naona mtoto akitoka hivi harudi. Wewe uko kule ndani. Huwezi kumwambia Baba walau apunguze kiasi gani, asije akamtoa mtoto shule bure?"

Bure. Neno lenyewe hilo. Abner alimtazama mkewe, akaona hapa ndipo pa kusema. Mama Kemunto, si bei, ni maji. Maneno sita, saba hivi. Lakini sasa hayakuwa tena aibu ya mzee peke yake. Kungekuwa na ya pili: na wewe kwa nini ulimwandikia bei? Aibu ya jana ilikuwa imepata ndugu.

"Nitalipa karo ya Mong'ina mimi," alisema.

Bochaberi alicheka kicheko kikavu. "Baba apokee karo kwa mkwe? Humjui? Halafu si karo tu, ni mikono. Ng'ombe hawajikamui."

"Basi mwambie... mwambie makopo yaoshwe vizuri. Kwa maji ya moto. Usafi nao unaangaliwa."

Ndivyo alivyo mtu mwenye hatia, anauma na kupuliza. Ujumbe ulifika, na Mzee Onsongo akautii kwa moyo wote. Makopo yakasuguliwa kwa majivu, yakachemshiwa maji, yakaanikwa juani kwenye kichanja hadi majirani wakadhani kuna sherehe. Kutoka hapo yakajazwa maziwa matamu ya Ikonge na kufungwa kwenye baiskeli ya Ongeri, mchukuzi wake wa miaka mingi, akateremka nayo kupeleka kwenye hoteli za Keumbu. Ongeri hakuachishwa kazi. Mwenye baiskeli haachishwi kirahisi.

Desemba, Abner na familia walikwenda Ikonge. Alimkuta Mong'ina nje ya zizi, amevaa gambuti za babake na sketi ya shule iliyokwisha rangi, ndoo mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba viungo. Alimsalimu shemejiye kwa adabu, kisha akatabasamu.

"Shemeji, safari hii tutashinda. Baba amepunguza bei sana. Nimempigia hesabu mwenyewe, faida inayobaki ni ya kununulia chumvi tu, lakini tutashinda. Nikirudi shule nitakuwa nyuma ya wenzangu kwa mwaka mmoja. Si neno. Daftari zao ninazo, nasoma ng'ombe wakila."

"Vizuri," Abner alisema. Alikwenda nyuma ya migomba akajifanya anatafuta shimo la fuko, akasimama pale akijichukia. Unaona? Mtu mzima, meneja, na faili lake, anajificha asionwe na msichana wa Fomu Tu. Alitaka kurudi amwambie. Akaenda hatua chache, akasikia mkwe wake akikohoa upande wa pili wa nyumba, akageuka.

Zabuni ya pili ikaja. Bahasha zikaingia, na Abner akatoka tena kwenda stoo kukaa na maboksi ya pamba. Safari hii alisali. Alisali kikweli, kipimo kielee. Hakujua hata anamwomba Mungu afanye nini, ageuze maji kuwa maziwa au amfanye Metroni kipofu.

Mlango ulisukumwa. Metroni Drusilla alisimama, mikono kiunoni.

"Kimezama tena," alisema. "Bei yake mwaka huu ni ya chini kuliko ya wote. Mtu anayeweza kuuza kwa bei ile anatia maji, ndivyo daktari alivyosema, na mimi nimekosa la kumtetea. Mwaka jana tulimweleza waziwazi kwenye barua. Mzee yule wa kanisa, kumbe mkaidi namna hii! Sikulitegemea."

Kimya chake kingeweza kumsaidia hata hapo. Angetikisa kichwa tu, aseme wazee ndivyo walivyo. Metroni angeondoka, na jina la Mzee Onsongo lingezikwa hospitali nzima kama jina la mwizi mkaidi. Abner alifungua kinywa kutaka kusema hivyo, na kikatoka kilichokuwa kimekaa ndani mwaka mzima.

"Si mkaidi. Hakuambiwa."

"Hakuambiwa na nani? Nakala niliiona kwenye faili kwa macho yangu."

"Ile ni ya faili. Iliyokwenda ni nyingine. Nilimwandikia bei."

Metroni alifunga mlango wa stoo nyuma yake, pole pole. "Rudia."

Abner alirudia yote: barua mbili, mzee na kofia yake, siri aliyoigeuza ngao, Mong'ina na ndoo. "Metroni, ningemwambiaje? Ni baba mkwe. Chinsoni."

Hapo ndipo mama yule alipowaka.

"Usiisingizie chinsoni! Mimi si Mgusii? Wewe posa yako Ikonge ilipelekwa na nani?"

"Na Mzee Okemwa."

"Okemwa ni nani kwako?"

"Esigani," alijibu kwa sauti ndogo. Mshenga.

"Amekufa?"

"Hajafa. Yuko Masimba."

"Na esigani wewe ulifikiri ni wa kubeba habari za ng'ombe wa mahari tu? Wazee waliokataza mkwe kumwambia mkwe aibu ndio hao hao waliomweka mtu wa katikati wa kuisema. Waliweka mlango, wewe ukachagua ukuta. Tena mimi mwenyewe nilikwambia niachie niandike!" Alivuta pumzi. "Chinsoni ni kumstahi mzee. Wewe ulijistahi mwenyewe."

Abner alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti, na Metroni akatazama pembeni hadi akamaliza.

"Andika sasa," alisema. "Nitasimama hapa."

Akaandika. Alama zote, mstari kwa mstari, za mwaka huu na za mwaka jana. "Bei yako ilikuwa nzuri miaka yote miwili. Kilichokuangusha ni ubora: maziwa yalipofika getini yalionekana yameongezwa maji." Metroni aliyaona yale maneno "yalipofika getini", akayagusa kwa kidole, akasema yabaki, maana kamati ilipima getini na haikujua zaidi ya hapo. Hakuna neno juu ya chama wala Subhash. Mwishoni Abner akaongeza kwa kalamu kwamba barua ya mwaka jana haikusema kweli, na aliyekosa ni yeye wala si kamati. Kisha akaenda Masimba kwa Mzee Okemwa, akaeleza yote akiwa amesimama, na Okemwa akavaa viatu bila kumwambia karibu chai.

Habari zilizofuata Abner alizipata kwa mdomo wa huyo Okemwa. Mzee Onsongo alisomewa barua. Hakukasirika, hakubisha. Aliomba isomwe mara ya pili, pale penye maji. Kisha akaitisha ndoo ya jioni iliyokuwa haijaondoka, akayatazama maziwa yake. Kesho yake alimwacha Ongeri atangulie na baiskeli, naye akafuata kwa miguu kwa njia ya mkato ya kwenye mashamba ya chai. Alimkuta kwenye kijito kabla ya kuingia Keumbu, kopo moja amekwisha kuliuza nusu kwenye vibanda vya chai, anapiga magoti kwenye matope akilijazia maji kwa kikombe. Kazi hiyo Ongeri alikuwa ameifanya kwa miaka, hata kwa maziwa ya majaribio ya hospitali, na aliyefukuzwa alikuwa Nyangate, mkamuaji, ambaye hakuwahi kugusa tone.

"Na mimi?" Abner aliuliza. "Mzee amesema nini juu yangu?"

"Amesema asante kwa barua," Okemwa alijibu. "Amesema hana neno."

Afadhali angetukanwa. Usiku na mchana lile "hana neno" lilimkaa kifuani. Bochaberi naye alijua sasa, na kwa wiki nzima alimpakulia chakula bila kumwita jina la mtoto wao, alimwita "wewe" tu.

Siku chache baadaye Abner alikuwa anafunga ofisi alipomwona Mong'ina amekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, amevaa sketi ile ile, imepigwa pasi. Alidhani amekuja kumwambia anarudi shule.

"Nimetoka shuleni kwetu sasa hivi," Mong'ina alisema alipokaribia. "Baba amenipeleka asubuhi. Amemrudisha Nyangate kazini, na mchukuzi mpya amepata, kwa hivyo mikono ipo. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri." Alinyoosha sketi magotini. "Nafasi yangu walimpa mwingine mwaka jana. Kuna wanaongoja zaidi ya hapo. Amesema nijaribu kwingine, lakini kwingine nako wananiuliza kwa nini nilitoka, na umri umekwenda."

"Nitazunguka shule zote," Abner alisema haraka. "Kesho. Nitakwenda mpaka Kisumu, nitaongea na..."

"Shemeji."

Mong'ina alimkatiza.

"Baba hawezi kusoma hati ndogo. Macho." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Barua ya mwaka jana nilimsomea mimi. Nilikuwa nimekuja likizo. Aliniuliza, 'Umeona vizuri? Ni bei tu?' Nikaangalia tena, mbele na nyuma. Nikamwambia, 'Ndiyo, Baba, ni bei. Shemeji ndiye aliyeitia sahihi.' Ndipo nikamwambia tunaweza kumwachisha Nyangate, mimi nikamue. Wazo lilikuwa langu."

Akasimama, akamuaga kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akashuka kuelekea barabarani.